Masurufu yaliyokatwa yote kwenye mshahara wakati deni halisi lilikuwa 42,000

Kwa miaka sita nilishika daftari la masurufu ya safari katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi. Muda wote huo niliamini kwamba kipimo cha kazi yangu ni kimoja: pasiwe na masurufu yaliyokaa wazi zaidi ya siku 14 baada ya mtumishi kurudi safarini. Kanuni ya ofisi ilisema kuwa muda huo ukipita bila marejesho, kiasi kinachodaiwa kitakatwa kwenye mshahara, nami niliitekeleza bila kujiuliza maneno "kiasi kinachodaiwa" yana maana gani hasa. Mwezi mmoja nilipeleka jina la mtumishi mmoja kwenye kitengo cha mishahara akakatwa 1,460,000, ilhali tulipokuja kuhesabu vizuri tukakuta kwamba alichokuwa anadaiwa ni 42,000 tu. Naeleza jinsi kosa hilo lilivyotokea, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyevunja kanuni, na leja yenyewe ilionyesha kwamba kila kitu kilikuwa sawa.

Masurufu ni fedha ambazo mtumishi hupewa kabla ya safari ili azitumie kwa niaba ya ofisi. Siku anapokabidhiwa hazijawa matumizi bado, bali ni fedha za ofisi zilizo mikononi mwake, na ndiyo maana kwenye leja huandikwa kwa jina lake kama deni na si kwenye fungu la gharama za safari. Deni hilo lina njia tatu za kufutika. Ya kwanza ni risiti na vielelezo vinavyoonyesha kwamba fedha zimetumika kwa kazi iliyokusudiwa, na hapo ndipo kiasi kilichotumika huhamia kwenye gharama. Ya pili ni mtumishi kurudisha fedha zilizobaki, mkononi au benki. Ya tatu ni makato ya mshahara. Njia mbili za kwanza zinatueleza nini kilitokea safarini, lakini ya tatu haielezi lolote kuhusu safari; inafuta deni tu, na anayesoma leja baadaye hawezi kujua kama fedha zilitumika, zilibaki, au zilipotea. Tofauti hii sikuitilia maanani mpaka siku niliyoketi na mtumishi huyo mezani kwangu.

Alikuwa mzee aliyekaa katika ofisi ile miaka mingi kuliko mimi, mtu wa mpangilio, ambaye hakuwahi kuonekana kwenye orodha yangu ya wachelewaji. Aliomba masurufu ya safari ya siku 10 kwenda kuendesha mafunzo: posho ya kujikimu ya siku 10 kwa 80,000 kila siku, jumla 800,000, usafiri 360,000, na kodi ya ukumbi 300,000. Hizo ndizo 1,460,000. Mafunzo yakafupishwa, akarudi baada ya siku saba, tarehe 2. Tarehe 3 aliingiza benki 240,000, yaani posho ya siku tatu ambazo hakulala safarini. Hakuingiza bakaa ya usafiri kwa sababu kulikuwa na risiti moja aliyokuwa bado anaisubiri kutoka kwa mwenye chombo, na hakujua kama gharama ile ingefikia kiasi chote alichopewa au la. Baada ya kuipata alijaza fomu ya marejesho, akabandika risiti zake kwenye karatasi kwa mpangilio wa tarehe, akaambatisha hati ya benki, na tarehe 11, siku ya tisa baada ya kurudi, akaikabidhi kwa mkuu wa idara yake ili aithibitishe kama utaratibu ulivyotaka.

Fomu ile ilikaa kwenye trei ya mkuu wa idara kwa siku 11. Mkuu yule hakuwa mzembe. Yeye pia alikuwa amesafiri wakati huo, na hakukuwa na mtu aliyekaimishwa kusaini. Kwa upande wangu hakuna nilichokiona. Utaratibu wetu ulihesabu kwamba marejesho yamefanyika siku fomu inapofika uhasibu ikiwa na saini zote, na si siku mtumishi anapoikabidhi. Kwa hiyo tarehe 17 nilipotoa kwenye mfumo orodha ya masurufu yaliyopitiliza siku 14, jina lake lilikuwemo, likiwa na salio lote la 1,460,000. Orodha ya mishahara ilikuwa inafungwa tarehe 18. Niliituma orodha yangu jioni ileile, kitengo cha mishahara kikaingiza makato kama yalivyo, na tarehe 22, fomu yake iliposainiwa na kuletwa mezani kwangu, mishahara ilikuwa imeshaidhinishwa na kupelekwa benki. Niliiweka fomu ile kwenye faili la kazi za mwezi unaofuata. Nakiri kwamba sikuitazama hata jina.

Tarehe 25 mshahara ulitoka. Kwa kawaida alikuwa akipokea mkononi 1,610,000 baada ya kodi na makato mengine. Mwezi huo alipokea 150,000. Alikuja ofisini kwangu asubuhi akiwa na hati yake ya mshahara mkononi, wala hakupaza sauti. Aliketi akasema, "Mwanangu, naomba unionyeshe nilichokula."

Nilifungua akaunti yake kwenye leja nikiwa na nia ya kumwonyesha deni. Nilichokikuta ni mistari miwili tu: 1,460,000 iliyotoka siku alipopewa masurufu, na 1,460,000 iliyoingia kutoka kwenye mshahara. Salio lilikuwa sifuri. Kwa mtu aliyezoea kuitafuta sifuri kama nilivyokuwa mimi, akaunti ile ilikuwa safi kuliko nyingine zote katika ukurasa. Lakini mzee alikuwa amekaa mbele yangu na nakala ya fomu aliyoikabidhi tarehe 11, yenye risiti saba na hati ya benki, na hakuna hata karatasi moja kati ya hizo iliyokuwa imeingia kwenye leja. Maana yake ilikuwa kwamba safari ile, kwa vitabu vyetu, haikuwahi kufanyika. Gharama za safari za mradi zilisoma kwamba hakuna aliyelala nje wala ukumbi uliokodiwa, na mafunzo ya siku saba yalikuwa yamelipiwa kwa mshahara wa mtumishi mmoja.

Tulianza na risiti, moja baada ya nyingine. Posho ilikuwa rahisi, ingawa ndipo penye ubishi mwingi katika safari nyingine. Watumishi wengi husema kwamba posho ya kujikimu haina marejesho, na kwa sehemu wana haki: chini ya kanuni zetu, mtu hakutakiwa kuleta risiti ya chakula wala ya malazi, kwa kuwa posho ni kiwango cha siku na akibana matumizi kinachobaki ni chake. Lakini posho isiyodaiwa risiti inadaiwa siku. Inabidi ionekane kwamba mtu alikuwa safarini kwa idadi ya siku alizolipiwa, kwa tiketi za kwenda na kurudi, au daftari la mahudhurio ya mafunzo, au hati ya safari iliyogongwa muhuri alikokwenda. Yeye alikuwa na tiketi na mahudhurio yanayokubaliana, siku saba, kwa hiyo posho halali ni 560,000, na siku tatu zilizobaki ndizo alizokuwa amezirudisha benki.

Ukumbi ulikuwa na ankara pamoja na risiti ya malipo, 300,000 kamili. Ninataja zote mbili kwa sababu mara nyingi huletewa ankara peke yake, na ankara ni dai la kulipwa, si ushahidi kwamba umelipa. Mbaya zaidi ni ile ankara kifani inayotolewa kabla ya huduma kwa ajili ya kuombea fedha. Nimewahi kuiona ikiwa imebandikwa kwenye fomu ya marejesho na kupita mikononi mwa watu watatu bila kugundulika, kwa sababu tu ina nembo, namba na jumla inayolingana na kiasi kilichoombwa. Namna ya kuitambua ni kutafuta mahali palipoandikwa kwamba fedha zimepokelewa, tarehe ya kupokelewa, na namba ya risiti yenyewe. Vikikosekana hivyo, hakuna malipo yaliyothibitishwa.

Usafiri ndio uliotuchukua muda. Risiti zake zilijumlisha 318,000, lakini mojawapo, ya 45,000, ilikuwa kile kikaratasi kinachotolewa na mashine ya kulipia kwa kadi. Kikaratasi hicho huonyesha kiasi, tarehe na tarakimu chache za mwisho za kadi, na hakionyeshi kilichonunuliwa. Kingeweza kuwa cha mafuta ya gari, kingeweza kuwa cha kitu kingine chochote kilichouzwa katika duka hilohilo. Kanuni yetu ilinitaka nikikatae, na kama ningekikataa deni lake lingekuwa 87,000 badala ya 42,000. Hata hivyo kukataa kielelezo hakumaanishi kwamba fedha hazikutumika, kunamaanisha tu kwamba bado hazijathibitishwa, na nafasi ya kuthibitisha ndiyo hasa niliyokuwa nimemnyima kwa kukimbilia mshahara. Alipiga simu, akaomba nakala ya risiti yenye maelezo, ikaja siku mbili baadaye ikitaja lita na namba ya gari. Nikaikubali. Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba watumishi watoe nakala za risiti za karatasi inayochapwa kwa joto mara tu wanaporudi, kwa kuwa maandishi yake hufifia, na risiti iliyokuwa inasomeka vizuri siku ya kununulia huweza kubaki karatasi nyeupe siku ya ukaguzi.

Likabaki suala la 240,000 alizoingiza benki. Hati yake ilikuwa halisi, ikiwa na muhuri, tarehe 3. Fedha zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ya ofisi kweli. Lakini kwenye sehemu ya maelezo karani wa benki alikuwa ameandika neno moja tu, "safari", bila jina wala namba ya masurufu, na mwenzangu aliyekuwa akisuluhisha taarifa ya benki na vitabu, alipokosa kujua ni fedha za nani, aliziweka kwenye mapato mengineyo ili taarifa yake ifungwe. Usuluhishi ule ulikuwa sahihi kwa tarakimu. Benki na vitabu vilikubaliana hadi senti ya mwisho. Kilichokosewa ni akaunti iliyopokea. Ofisi ilikuwa imepokea bakaa ya mzee huyu mara mbili, mara moja kama mapato yasiyo na mwenyewe na mara ya pili kama makato ya mshahara wake.

Tulipokwisha kukusanya vipande vyote, hesabu ilikuwa hivi. Posho 560,000, ukumbi 300,000 na usafiri 318,000 vilifanya matumizi yaliyothibitishwa 1,178,000. Ukiongeza 240,000 zilizorudishwa benki unapata 1,418,000. Ukitoa hizo kwenye 1,460,000 inabaki 42,000, ambayo ni bakaa ya fungu la usafiri, na hiyo ndiyo pekee iliyostahili kukatwa. Nilipoyaingiza marejesho kwenye leja na kuzitoa 240,000 kwenye mapato mengineyo kuzipeleka kwenye jina lake, akaunti iliyokuwa ikisoma sifuri ikageuka kuwa hasi ya 1,418,000. Mtumishi hakuwa mdaiwa tena. Ofisi ndiyo iliyokuwa ikidaiwa naye.

Salio hasi la namna hiyo limekuwa alama ninayoiamini kuliko zote. Katika akaunti ya masurufu, salio la kawaida ni lile linaloonyesha kwamba mtumishi anadaiwa, au sifuri. Likiwa hasi, kuna mambo machache tu yanayoweza kulieleza: mtumishi ametumia fedha zake za mfukoni zaidi ya alizopewa na bado hajafidiwa, au amerudisha bakaa na bado akakatwa, au marejesho yake yameingizwa mara mbili. Yote matatu yanahitaji mtu aitwe na kusikilizwa. Na kinyume chake ndicho kigumu zaidi kukigundua, yaani sifuri iliyopatikana kwa makato peke yake bila mstari wowote wa gharama. Hiyo haionekani kwenye orodha ya wadaiwa kwa sababu mtu hayumo tena kwenye orodha. Njia niliyoipata ya kuitafuta ni kuchukua kila makato ya masurufu ya mwezi na kuuliza: je, safari iliyoyazaa ilifanyika? Kama ilifanyika, gharama yake iko wapi? Safari iliyofanyika lakini haina gharama hata moja karibu kila mara ni marejesho yaliyokwama mahali fulani.

Kumrudishia fedha zake nako kulikuwa na mtego. Rai ya kwanza iliyotolewa katika kikao ilikuwa ni kumwongezea 1,418,000 kwenye mshahara wa mwezi unaofuata kama posho maalumu, kwa kuwa mfumo wa mishahara ulikuwa tayari na kipengele hicho. Nililipinga jambo hilo, na nafurahi kwamba nilisikilizwa. Mwezi wa makato, kodi yake ilikuwa imetozwa kwenye mshahara ghafi wote, kama ilivyopasa, kwa maana makato ya masurufu hutoka baada ya kodi. Kama tungemrudishia kwa njia ya posho, kiasi hicho kingehesabiwa kama kipato kipya na kutozwa kodi kwa mara ya pili, na pengine mchango wa hifadhi ya jamii pia, naye angepokea pungufu ya alichonyang'anywa. Tulimlipa kwa hati ya malipo ya kawaida, nje ya orodha ya mishahara, tukiandika malipo hayo kwenye akaunti yake ya masurufu, nayo ikarudi kuwa sifuri, mara hii ikiwa na gharama za 1,178,000 zinazosomeka, bakaa ya 240,000 na makato ya 42,000. Malipo yalifanyika siku tano baada ya yeye kuja ofisini kwangu. Kwa mtu aliyebakiwa na 150,000 za kumaliza mwezi, siku tano zilikuwa nyingi, na nilimwomba radhi kwa maandishi.

Nilichokibadilisha baada ya hapo kwanza kilikuwa mahali pa kuanzia kuhesabu siku. Mtumishi anapaswa kuwajibika kwa kile kilicho mikononi mwake, na fomu ikishatoka mikononi mwake, siku zinazofuata ni za ofisi. Tuliagiza kwamba nakala ya fomu ya marejesho iletwe uhasibu siku ileile inapokabidhiwa kwa mkuu wa idara, igongwe muhuri wenye tarehe, na jina la mtumishi litoke kwenye orodha ya wachelewaji na kuingia kwenye orodha nyingine ya marejesho yanayosubiri uthibitisho. Orodha hiyo ya pili humfikia mkuu wa idara na si kitengo cha mishahara. Nilishangaa kuona katika mwezi wa kwanza kwamba karibu nusu ya majina niliyokuwa nikiyaita wachelewaji yalihamia huko.

Pili, orodha inayokwenda kwenye mishahara haikubeba tena tarakimu moja. Kwa kila jina inaonyesha kiasi kilichotolewa, kiasi kilichothibitishwa kwa vielelezo, kiasi kilichorudishwa pamoja na namba ya stakabadhi au hati ya benki, na ndipo kiasi cha kukatwa. Ikiwa safu ya kiasi kilichothibitishwa ni tupu, mtu wa mishahara anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kuirudisha kwangu na kuuliza kwa nini. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mishahara anajua kwamba tarehe ya kufunga ikikaribia hakuna anayetaka kurudisha karatasi, kwa hiyo tulisogeza tarehe ya kupokea orodha ya masurufu iwe siku saba kabla ya kufunga, na katika siku hizo saba kila aliyetajwa hupelekewa barua yenye hesabu yake, apate kuleta kielelezo kilichokosekana, kulipa mwenyewe, au kupinga.

Barua ile si heshima tu. Mshahara una ulinzi wa kisheria ambao deni la kawaida la ofisi haliupiti kirahisi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 unaohusu ulinzi wa ujira unasema katika ibara yake ya 8 kwamba makato ya ujira huruhusiwa kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, au makubaliano ya pamoja, au tuzo ya usuluhishi, na kwamba wafanyakazi waelezwe masharti hayo. Sheria za nchi nyingi zina ukomo wa sehemu ya mshahara inayoweza kukatwa kwa mwezi. Mfumo wetu haukuwa umewekewa ukomo wowote kwa makato ya masurufu, ndiyo maana uliweza kumwachia mtu 150,000 bila kutoa onyo. Tuliuweka. Aidha, fomu ya kuombea masurufu ilikuwa na saini ya kupokea fedha tu; tukaongeza kifungu ambacho mwombaji anasaini kukubali kwamba bakaa ambayo haitarejeshwa kwa tarehe iliyotajwa itakatwa kwenye mshahara wake, kwa kiasi kitakachobaki baada ya vielelezo na ndani ya ukomo wa sheria. Ukubali unaotolewa wakati wa kuchukua fedha ni rahisi kuupata na hauna uchungu, lakini ukiuomba baada ya ugomvi kuanza hautapewa.

Kuna kosa jingine nililoliona kwenye mishahara yenyewe, na nitalieleza kwa kifupi kwa kuwa dalili yake ni nyepesi kuiona. Karani mmoja mgeni, kwa kukosa kipengele cha makato ya masurufu kwenye mfumo, aliingiza makato kama posho yenye alama ya kutoa. Kiasi alichopokea mtumishi mkononi hakikuonyesha ajabu, ila mshahara ghafi ulishuka, na ukishuka huo kodi nayo inashuka pamoja na michango inayokokotolewa kwa asilimia. Ofisi ikawa imepeleka kodi pungufu kwa sababu mtu amelipa deni, jambo ambalo halina uhusiano wowote na kipato chake. Anayetaka kujua kama makato yamewekwa mahali pake atazame hati mbili za mshahara, ya mwezi wa makato na ya mwezi uliopita: kama hakuna kingine kilichobadilika, mshahara ghafi na kodi vinatakiwa kuwa vilevile, na tofauti ionekane kwenye orodha ya makato na kiasi cha mkononi pekee.

Utaratibu huo mpya ulijaribiwa na mtumishi mwingine miezi michache baadaye, na yeye alikuwa mdaiwa kweli. Alichukua 720,000, vielelezo vyake vikathibitisha 324,000, na 396,000 zilizobaki hakuwa nazo. Alipopata barua alikuja mwenyewe akasema wazi kwamba alizitumia kwa matibabu ya nyumbani akitumaini kuzirudisha kabla ya siku 14. Sikuona sababu ya kumgombeza. Alichokifanya ni kosa, na kanuni yetu ilimzuia kupewa masurufu mengine mpaka amalize, lakini deni lenyewe lilikuwa linajulikana, limekubaliwa, na lina ushahidi pande zote. Kukata 396,000 kwa mwezi mmoja kungevuka ukomo tuliouweka, kwa hiyo tuliandikiana awamu tatu za 132,000, akasaini, na nakala moja ikaenda kwenye mishahara ikitaja mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Mwezi wa kumaliza ni muhimu uandikwe kwenye mfumo tangu mwanzo, maana makato yasiyo na mwisho huendelea yenyewe mpaka mtumishi agundue, na wengine hawagundui.

Baada ya awamu ya pili aliacha kazi. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa, kwa sababu fomu ya makabidhiano ya anayeondoka ilipoletwa kwangu nilihitaji dakika chache tu kujaza mstari wa masurufu: deni la awali 396,000, zilizokatwa 264,000, zilizobaki 132,000. Zilitolewa kwenye malipo yake ya mwisho, baada ya kodi, naye akaoneshwa hesabu kabla ya kusaini. Nilipofunga akaunti yake kwenye leja nilihesabu mistari. Ilikuwa mitano: fedha zilizotoka, gharama za safari 324,000, na makato matatu ya mshahara. Salio lilikuwa sifuri, na safari yake ilikuwemo kwenye vitabu.